Barua kwa Msafirishaji Baada ya Nondo Kuvutwa kwa Gari

Ipo njia ya kuteremsha nondo ambayo wasimamizi wengi wa ujenzi jijini Dar es Salaam wameiona kwa macho yao. Semitrela huingia saiti ikiwa imebeba nondo za mita 12, winchi haijafika au haikukodiwa kabisa, na dereva hutoa kamba nene ya chuma, akafunga ncha moja kwenye tita la nondo na ncha ya pili kwenye mti mkubwa au nguzo ya jengo, kisha akaliondoa gari polepole kwenda mbele hadi tita libaki nyuma na kuporomoka chini. Kazi huisha kwa dakika chache na hakuna anayelipia winchi. Jambo hilo lilifanyika katika mradi wa jengo la ghorofa nne niliokuwa nausimamia Kibada, Kigamboni, na ninachotaka kueleza hapa ni jinsi tulivyomwandikia msafirishaji, yale tuliyomtaka ayachunguze, na majibu tuliyoyapata.

Ni vema kwanza nieleze kwa nini njia hiyo ni ya hatari, kwa sababu msafirishaji aliyezoea kuiona ikifanyika bila madhara atauliza swali hilohilo. Nondo moja ya milimita 16 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa karibu kilo 19, na tita la tani mbili huwa na nondo zipatazo 105. Tita hilo hufungwa kiwandani kwa vyuma vyembamba vilivyosokotwa sehemu kadhaa, na kazi ya vifungo hivyo ni kuzishikilia nondo zisitawanyike njiani. Havikutengenezwa kubeba nguvu ya kuvuta wala kuinua. Tita linapoburutwa juu ya mbao za trela, kamba hukaza kwa nguvu inayoweza kufikia karibu nusu ya uzito wa tita, na likinasa kwenye tita jirani nguvu hiyo huongezeka ghafla. Kifungo kimoja kikikatika, nondo zilizokuwa zimepinda kwa mvuto hujinyoosha na kufyatuka, na ncha zake hupita mahali ambapo hakuna mtu aliyetarajia.

Upande wa pili wa kamba nao una hatari yake. Nguzo ya zege iliyomwagwa siku chache zilizopita, ambayo bado haijafungwa juu na boriti wala slebu, imeshikiliwa chini tu, kwa hiyo ukiivuta kwa pembeni mzigo wote unakwenda kwenye kitako chake. Zege la saruji ya kawaida likifikisha siku saba huwa na takriban theluthi mbili ya nguvu linayotegemewa kuwa nayo siku ya 28. Nguzo aliyoichagua dereva wetu ilikuwa na siku sita.

Gari lilifika asubuhi likiwa na tani 26. Winchi tuliyoikodi ilikuwa imechelewa, nami nilimweleza dereva kwamba tungesubiri, na kwamba alikuwa na kivuli na chai. Alinijibu kwa adabu tu, "Bosi, mimi nina tripu nyingine mchana, na darajani pale foleni unaijua." Nilipoondoka kwenda kuongea kwa simu na mwenye winchi, alimtuma utingo afunge kamba. Matita mawili ya kwanza yalishuka bila tatizo. Fundi mkuu wa nondo alipotambua kinachoendelea alikimbia mbele ya gari akipunga mikono na kusema, "Kaka, simamisha gari, hapa haturuhusu hivyo." Dereva alimtukana na kuendelea. Tita la tatu lilinasa, gari likaongeza nguvu, vifungo viwili vikakatika, na nondo zikafagia nusu duara upande wa kushoto, zikavunja benchi la kukunjia nondo ambalo vibarua wawili walikuwa wametoka kuliacha kwenda kunywa maji. Hakuna aliyeumia. Ufa mwembamba ulionekana kwenye kitako cha nguzo, upande uliokuwa ukivutwa.

Maneno hayo, kwamba hakuna aliyeumia, ndiyo yaliyokaribia kuizima barua yetu kabla haijaandikwa. Mzee mwenye kampuni ya ukandarasi alinipigia simu akasema kwamba muuzaji wa nondo hutupatia mzigo kwa mali kauli, na kwamba kumchokoza msafirishaji wake kungetuharibia biashara. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Nilimjibu kwamba nguzo ina ufa, kwamba mhandisi mshauri angeuona siku ya ukaguzi na kuuliza umetoka wapi, na kwamba kama hatuna maandishi ya siku hiyo, gharama yote ingekuwa yetu. Alikubali kwa sababu ya nguzo, si kwa sababu ya watu, nami sikuona haja ya kubishana naye kuhusu sababu.

Jambo la kwanza lililotusaidia baadaye lilifanyika kabla gari halijatoka getini. Dereva alitaka hati ya kupokelea mzigo isainiwe haraka, na mtunza stoo alikuwa tayari ameshika kalamu. Hati iliyosainiwa bila maelezo humaanisha kwamba mzigo umefika salama na mpokeaji ameridhika, na malalamiko yoyote yanayokuja baada ya hapo huanza yakiwa na mguu mmoja. Tuliandika juu ya hati yenyewe, nakala zote, kwamba matita matatu yaliteremshwa kwa kuvutwa na gari bila idhini ya saiti, kwamba baadhi ya nondo zimepinda na zingehesabiwa, na kwamba nguzo moja imepata ufa. Dereva alikataa kusaini chini ya maelezo hayo. Hilo si tatizo. Huandikwa "dereva amekataa kusaini", na mashahidi wawili huweka majina yao na saa. Matita yaliyobaki yaliteremshwa na winchi ilipofika, baada ya msafirishaji mwenyewe kupigiwa simu na kumwamuru dereva asubiri.

Picha tulizipiga kabla kitu chochote hakijasogezwa: kamba ikiwa bado imezungushiwa nguzo, vifungo vilivyokatika, alama za matairi, namba za kichwa cha gari na za trela, kwa maana hizo ni mbili tofauti na msafirishaji anaweza kubadilisha kichwa kesho yake. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora na kupoteza taarifa za saa ilipopigwa, kwa hiyo tulizituma kama dokumenti. Picha iliyokuja kuwa na thamani kuliko zote ni ile ya ncha za kamba. Kila ncha ilikuwa imetengenezewa kitanzi, kikabanwa kwa vibano vya bolti vilivyopangwa vizuri. Kamba ya namna hiyo haiokotwi njiani. Mtu alikaa karakana akaitengeneza kwa kazi hiyo, ikawekwa kwenye sanduku la vifaa la gari, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba barua yetu isingekuwa juu ya dereva mmoja mwenye haraka.

Swali lililofuata lilikuwa ni nani wa kuandikiwa. Sisi hatukuwa na mkataba na msafirishaji. Muuzaji ndiye aliyemkodi, na bei yetu ilikuwa ya nondo kufikishwa saiti. Ukimwandikia msafirishaji peke yake, anaweza kukujibu kwamba hakujui. Ukimwandikia muuzaji peke yake, taarifa itapita mikononi mwa watu wa mauzo ambao kazi yao ni kuyapoza mambo, nayo itamfikia msafirishaji ikiwa imebaki maneno mawili. Tulimwandikia msafirishaji moja kwa moja, kwa kuwa gari, dereva na utaratibu wa kazi ni vyake, tukampa nakala muuzaji, na tukataja namba ya oda na namba ya hati ya kupokelea mzigo ili safari husika ipatikane kwenye kumbukumbu zao bila kutafutwa. Simu ilipigwa ndani ya saa ile ile. Barua yenyewe ilitumwa kwa baruapepe kabla ya jioni, na nakala yenye mhuri ikapelekwa ofisini kwao kesho yake ili mtu wa mapokezi aisaini.

Katika kuiandika, shida kubwa ilikuwa kutenganisha tulichokiona na tulichokisikia. Fundi mkuu aliona gari likiendelea baada ya yeye kusimama mbele yake. Mimi niliiona kamba, nguzo na benchi lililovunjika. Utingo alimwambia mlinzi wetu kwamba dereva hakuwa amelala. Na vibarua walikuwa wameshaanza kusema kwamba dereva alikuwa ametafuna mirungi usiku kucha, jambo ambalo hakuna hata mmoja aliyeliona. La mirungi tuliliacha nje kabisa. Mirungi ni dawa ya kulevya kwa sheria za nchi yetu, na kumtuhumu mtu kwa maandishi bila ushahidi ni kumchafulia jina, na pia humpa msafirishaji nafasi ya kuikanusha hoja moja dhaifu na kuziacha zilizo imara bila majibu. La usingizi tuliliweka, likiwa limeandikwa wazi kwamba ni kauli ya utingo, kwa sababu lilikuwa na namna ya kuthibitishwa. Sehemu kuu ya barua ilisomeka hivi:

"Saa 3:40 asubuhi (09:40), dereva wa gari lililotajwa hapo juu alianza kuteremsha nondo kwa kufunga tita kwenye nguzo ya jengo na kuliondoa gari, akiwa ameelezwa na msimamizi asubiri winchi. Saa 3:55 (09:55) fundi mkuu alisimama mbele ya gari na kumtaka asimame. Dereva alitoa lugha ya matusi na kuendelea. Tita la tatu lilikatika vifungo, na nondo zikapita mahali pa kazi pa vibarua wawili. Utingo alimweleza mlinzi wetu kwamba dereva hakulala usiku uliotangulia. Kauli hii hatuwezi kuithibitisha, na tunaomba muihakiki kwa kumbukumbu za gari."

Saa tuliziandika kwa namna zote mbili kwa makusudi, kwa kuwa kifaa cha kufuatilia gari huandika kwa mtindo wa saa 24, na hatukutaka mtu adai baadaye kwamba gari halikuwa Kibada saa tuliyoitaja. Tuliandika pia kwamba winchi yetu ilichelewa. Msafirishaji angeisikia habari hiyo kwa dereva wake kwa vyovyote, na ilikuwa afadhali aikute kwetu ikiwa na muda wake kamili.

Kuhusu maombi yenyewe, nimeona barua nyingi zinazomalizia kwa "tunaomba hatua kali zichukuliwe", na sijui mtu wa ofisini anatakiwa afanye nini na ombi la namna hiyo. Sisi tuliomba kwanza kumbukumbu za kifaa cha kufuatilia gari zihifadhiwe, za siku ile na siku iliyotangulia, kwa sababu mifumo mingine hufuta kumbukumbu za zamani baada ya muda fulani. Tuliomba dereva yule asiletwe saiti kwetu mpaka uchunguzi umalizike, tukaeleza wazi kwamba hatuombi aachishwe kazi na kwamba tungependa asikilizwe. Kisha tukauliza maswali matatu: kamba ile ilitengenezwa na nani na ipo kwenye magari mangapi, dereva hupewa maelekezo gani kuhusu kuteremsha nondo mahali pasipo na winchi, na analipwaje muda anapolazimika kusubiri. Tuliomba barua ya kukiri kupokea ndani ya saa 24 na taarifa ya awali ndani ya siku saba za kazi. Suala la gharama ya nguzo tuliliweka kwenye aya yake ya mwisho, mbali na mengine, ili mabishano juu ya fedha yasizuie uchunguzi.

Jibu lilikuja upesi kuliko tulivyotarajia, nalo lilikuwa fupi: kampuni inaomba radhi, na dereva ameachishwa kazi. Ofisini kwetu watu walifurahi. Mimi nililiona kuwa jibu la kufunga jalada, kwa sababu kamba bado ilikuwa kwenye sanduku la gari na dereva mwingine angeikuta. Isitoshe, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi, na mtu aliyeondolewa ndani ya siku moja hajapata muda wa kuulizwa lolote. Tuliandika barua ya pili, nusu ukurasa, tukashukuru kwa kupokelewa, tukasema kwamba maswali yetu matatu bado hayajajibiwa, na tukaomba taarifa ya uchunguzi iwe na maelezo ya dereva mwenyewe. Muuzaji, aliyekuwa kimya hadi wakati huo, alipoona picha ya ncha za kamba alimpigia simu msafirishaji akitaka kujua kama magari yote yanayobeba mzigo wake yana vifaa vya aina hiyo. Nadhani simu hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko barua zetu zote mbili, ila isingepigwa bila nakala tuliyompa.

Mkuu wa operesheni wa msafirishaji alikuja saiti mwenyewe. Alikuwa mtu mzima mwenye maneno machache, alizunguka nguzo, akaomba kuonyeshwa tita lilipokuwa na gari lilipokuwa, akachukua maelezo ya fundi mkuu akiwa ameketi naye peke yake. Taarifa aliyotuletea baadaye ilikuwa ya kweli kuliko nilivyozoea kuona. Kumbukumbu za gari zilionyesha kwamba dereva alirudi kutoka Morogoro usiku, akafika yadi baada ya saa sita, na gari likapakiwa kiwandani Barabara ya Nyerere kabla ya jua kuchomoza. Kauli ya utingo ilikuwa na msingi. Dereva alilipwa kwa tripu, na saa za kusubiri hazikuwa na malipo, kwa hiyo kila winchi iliyochelewa ilikula fedha yake. Kamba zilitengenezwa katika karakana ya kampuni hiyohiyo, kwa ombi la madereva, na msimamizi wa karakana alikuwa akiziona kama kifaa cha kawaida. Dereva alikubali kwamba alimtukana fundi, akapewa onyo la maandishi, na kumbe hakuwa ameachishwa kazi bali amesimamishwa. Barua yao ya kwanza ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya kutupoza.

Hatua walizochukua zilikuwa chache na za kupimika. Kamba zote zilikusanywa, na picha ya rundo lake ikaambatanishwa. Mtu wa kupanga safari alielekezwa asiruhusu gari la nondo kutoka kiwandani kabla hajaongea na msimamizi wa saiti na kuthibitisha kwamba winchi ipo. Dereva atalipwa malipo ya kusubiri baada ya saa mbili za kwanza. Dereva aliyeingia yadi usiku wa manane hatapangiwa mzigo wa alfajiri. Hatua hii ya mwisho ndiyo ninayoitilia shaka zaidi, kwa sababu wakati wa mizigo mingi magari huwa mengi kuliko madereva, na sisi tulio upande wa kupokea hatuna namna ya kuikagua isipokuwa kumuuliza dereva anapofika. Malipo ya kusubiri nayaamini zaidi, maana yanagusa mfuko wa dereva moja kwa moja na kumwondolea sababu ya haraka.

Juu ya nguzo hatukuelewana. Mhandisi mshauri aliukagua ufa, akasema hawezi kuutolea dhamana, na nguzo ikabomolewa na kumwagwa upya. Msafirishaji alisema kazi yake iliishia kufikisha mzigo na kwamba kuteremsha ni jukumu la mnunuzi. Alikuwa na hoja, kwa kuwa oda ilisema nondo "zifikishwe saiti" na haikutaja nani anateremsha. Lakini huwezi kusema kazi si yako na hapohapo ukaifanya kwa gari lako na kamba ya karakana yako, na hilo ndilo tulilomjibu. Mwishowe muuzaji alipunguza kiasi fulani kwenye ankara iliyofuata bila kukiri lolote kwa maandishi, na nondo zilizopinda akazibadilisha kwa idadi iliyohesabiwa. Gharama iliyobaki tuliibeba sisi.

Wapo waliouliza kwa nini hatukwenda kwa mamlaka moja kwa moja. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, unasimamia Sheria Namba 5 ya mwaka 2003, na saiti ya ujenzi ni mahali pa kazi kwa maana ya sheria hiyo. Leseni ya gari la mizigo iko chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA. Kama kibarua angeumia, suala lisingebaki kuwa barua baina ya kampuni mbili: mwajiri wake angewajibika kutoa taarifa OSHA na pia kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, msafirishaji apende asipende. Kwa tukio lisilo na majeruhi tuliona msafirishaji apewe kwanza nafasi ya kujirekebisha, na katika barua ya pili tukaandika sentensi moja tu kwamba tusipopata majibu ya maswali matatu tungewasilisha jambo hilo kwa mamlaka husika. Tuliiandika tukiwa tumeshaandaa jalada lenye picha, hati na maelezo ya mashahidi, kwa sababu msafirishaji mzoefu hutambua haraka kitisho kisicho na jalada nyuma yake.

Tangu hapo oda zetu za nondo zina kifungu kinachosema kwamba mzigo utateremshwa kwa winchi pekee, kwamba winchi ni ya mnunuzi, kwamba saa mbili za kwanza za kusubiri hazilipiwi na zinazofuata zinalipiwa na mnunuzi kwa kiwango kilichokubaliwa, na kwamba gari litakaloanza kuteremsha bila ruhusa ya msimamizi litazuiwa na hati yake haitasainiwa. Wauzaji wawili walikikubali bila neno. Wa tatu alisema malipo ya kusubiri yatawazoesha madereva uvivu, na mpaka sasa nondo zake tunazifuata kiwandani kwa gari tulilolikodi wenyewe.